Kuipa timu ya hakathoni jina la utani linalotaja kazi yenu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

## Jina la timu lina alama ngapi?

Halina hata moja. Karatasi ya majaji kwa kawaida huwa na vipengele kama ubunifu wa wazo, ubora wa kazi ya kiufundi, faida kwa mtumiaji na uwasilishaji. Jina halimo. Timu yenye jina zuri ikishinda, imeshinda kwa sababu kitu ilichotengeneza kilifanya kazi mbele ya watu.

Jina lina kazi yake mahali ambapo nyinyi hamtakuwepo. Timu zikishamaliza kuwasilisha, majaji wanajifungia chumbani kujadiliana. Wamesikiliza timu moja baada ya nyingine, kila moja dakika tatu au tano, na sasa mbele yao kuna orodha ya majina tu. Hapo ndipo mmoja huuliza, "Wale wa mabomba walikuwa akina nani?" Mwingine anajibu, "Si ndio hao Simba wa Msimbo?" Wa tatu anakataa: "Hapana, Simba wa Msimbo walikuwa wa foleni." Wanaanza kupekua karatasi, na muda wa kuwatetea nyinyi unaishia kwenye kuwatafuta nyinyi.

Jaji akisoma kwenye orodha hiyohiyo "Dawa ya Kusahau Dawa", hapekui kitu. Anajua papo hapo kwamba ni ile programu ya kumkumbusha mgonjwa dozi yake, na mazungumzo yanaanzia kwenye ubora wa programu. Hiyo ndiyo faida nzima ya jina, wala haizidi hapo.

## Kuna tofauti gani kati ya utani mtupu na utani unaotaja kazi?

Utani mtupu unaihusu timu. "Hatulali", "Wazee wa Kubahatisha", "Mdudu Si Wetu": yote yanachekesha, na yote yanaweza kuvaliwa na timu yoyote ukumbini. Mkibadilishana majina na meza ya jirani, hakuna atakayegundua.

Utani unaotaja kazi unalihusu tatizo. Kipimo changu ni kimoja: kichekesho kiwe palepale penye tatizo. Chukua tena "Dawa ya Kusahau Dawa". Kinachochekesha ni kwamba dawa inatibu kusahau dawa, na kusahau dawa ndilo tatizo lenyewe linaloshughulikiwa. Ukiutoa utani, kazi nayo inatoweka. Ukiitoa kazi, hakuna cha kucheka.

Linganisha na timu inayotengeneza kitu hichohicho ikajiita "Daktari Simu". Hapo udaktari umetajwa na simu imetajwa, lakini kusahau hakumo. Jaji anaweza kudhani ni huduma ya kuzungumza na daktari kwa video, au ya kupanga miadi, au ya kusoma majibu ya maabara. Jina linataja uwanja bila kutaja kazi.

## Utani wa namna hii tunautafuta wapi?

Msianze kwa kutafuta kichekesho. Anzeni kwa kuandika sentensi moja kavu: nani anakwama, anakwama kwenye nini, na nyinyi mnafanya nini. Kisha chukueni nomino na vitenzi vya sentensi hiyo mvichezee. Maneno ambayo hayakutoka kwenye sentensi hiyo yawekeni kando, hata yawe matamu namna gani. Kwa Kiswahili naona kuna visima vitatu ambavyo havikauki.

Cha kwanza ni maneno yenye maana zaidi ya moja. Timu ya droni za kukagua mapaa ya majengo inaweza kujiita "Paa Juu ya Paa". Paa la kwanza ni kuruka, la pili ni la nyumba, na jaji ameshaiona droni hewani kabla hamjawasha projekta. Programu inayotumia kamera ya kompyuta kumwonya mtu aliyejikunja kitini inaweza kuwa "Usikae Kama Kaa". Programu ya kufuatilia mabasi ina "Basi Liko Wapi Basi", ambalo ni swali la kila mtu aliyesimama kituoni, na basi la pili ni la kukata tamaa.

Kisima cha pili ni methali iliyobadilishwa neno moja. Sharti hapa ni kwamba neno lililoingizwa ndilo liwe kitu mnachoshughulikia. "Haba na Haba Hujaza Diski" ni jina zuri la programu inayosaka mafaili yaliyojirudia na kuyafuta: msikilizaji anangojea kibaba, anapewa diski, na diski ndiyo mada. Lakini "Haraka Haraka Ina Baraka" inachekesha bila kusema lolote. Inaweza kuwa ya kusafirisha vifurushi, ya kupunguza foleni, au ya kufanya majaribio ya programu yaende upesi. Neno lililogeuzwa ni "haina" kuwa "ina", na "ina" si kitu mnachotengeneza.

Cha tatu ni malalamiko ya mtumiaji kama anavyoyatamka mwenyewe akiwa amechoka. "Leo Zamu ya Nani" kwa programu ya kupanga zamu. "Nimeiweka Wapi" kwa kitambulishi cha kubandika kwenye funguo. Haya hayachekeshi sana yakiwa peke yake karatasini, ila yakisomwa kwa kipaza sauti ukumbi hutabasamu, maana kila mtu alishawahi kuyasema.

## Mnaweza kutuonyesha jina moja likizaliwa tangu mwanzo?

Tuchukue timu ya watu wanne ambao wanataka kugundua mabomba ya maji yanayovuja chini ya ardhi au ndani ya ukuta. Wazo lao la kwanza ni kubandika kihisi cha sauti kwenye bomba. Maji yenye shinikizo yakipenya kwenye tundu dogo hutoa mlio unaosafiri kwenye ukuta wa bomba, na usiku, watu wakiwa wamelala na matumizi yakiwa madogo, mlio huo husikika vizuri zaidi.

Sentensi yao kavu: "Mwenye jengo hajui kwamba bomba linavuja mpaka bili ije au ukuta ulowe, sisi tunamjulisha mapema." Nomino na vitenzi walivyonavyo ni bomba, kuvuja, bili, ukuta, kulowa, kujua, kujulisha.

Jina la kwanza linakuja lenyewe, "Mambo Bomba". Wote wanacheka, na mmoja anataka waishie hapo. Lakini ukilisikia bila kujua mradi, unasikia salamu. Maana ya "safi kabisa" imeimeza maana ya bomba la maji, na kuvuja hakumo kabisa.

La pili ni la mwenzao asiyependa mzaha: "Mfumo wa Kugundua Uvujaji wa Maji". Hili ni kamili, na hakuna atakayelikumbuka. Lina faida moja, nayo ni kwamba limewaonyesha neno gani bado halijapata utani. Ni kuvuja.

La tatu ni "Sikio la Bomba". Hili lilikaribia sana. Lina picha, ni fupi, na linaeleza jinsi kitu kinavyofanya kazi. Likawekwa juu ya orodha, ingawa lina kasoro nitakayoieleza kwenye swali la kubadilisha wazo.

Kisha mmoja akauliza swali lililofungua mlango: ni kitu gani kingine kinachovuja kwa Kiswahili? Siri. "Siri Imevuja" ni kauli ambayo kila mtu anayo mdomoni. Wakaijaribu hivyohivyo ilivyo, na mtu wa meza ya pili akadhani wanatengeneza kitu cha usalama wa data. Alikuwa na haki, maana bila bomba, siri inayovuja ni ya nywila na mafaili. Wakalirudisha bomba: "Bomba Halina Siri". Hapa sasa kuna bomba na kuna siri, lakini kitenzi kimepotea, na msikilizaji lazima aruke hatua moja kichwani kukifikia.

Wakaishia kwenye "Bomba Limevujisha Siri". Maneno matatu. Bomba lipo, kuvuja kupo, na siri iliyovujishwa ndiyo taarifa ambayo kifaa chao kinampelekea mwenye jengo. Angalia kwamba hata utendaji wa kifaa umo ndani: bomba linavujisha maji, nacho kifaa kinalifanya livujishe na habari zake. Sentensi ya kufuatia jina ikajiandika yenyewe: "Likivuja usiku, asubuhi mwenye nyumba anajua."

## Tutajuaje kama jina limefaulu?

Msiwaulize watu kama linachekesha. Watacheka kwa adabu. Mwendee mtu wa meza nyingine ambaye hajaona skrini yenu, mtamkie jina mara moja tu, kisha umuulize, "Unadhani tunatengeneza nini?" Nyamaza usimsaidie. Akitaja uwanja sahihi na tatizo sahihi, hata kama hakutaja kifaa, jina linafanya kazi. Akitaja uwanja peke yake, mna "Daktari Simu". Akisema "mna raha nyinyi", mna "Mambo Bomba".

Waulizeni watu watatu au wanne, wakiwemo wasio waandishi wa programu, kwa sababu meza ya majaji mara nyingi huwa na mtu wa biashara au mtaalamu wa sekta husika. Hapo ndipo utani wa ndani hufichuka. Nilishaona timu yenye programu ya kuwaonya watu nywila zao zinapoibwa ikijiita "Nywila Zimenisimama". Nililipenda sana, bado nalipenda. Ila watu wengi husema "neno la siri", na nywila hawaijui. Walisoma jina wakadhani ni nywele zilizokosewa herufi. Utani uliokaa juu ya istilahi ambayo msikilizaji hanayo unageuka kosa la uandishi machoni pake.

Baada ya saa moja hivi, rudi kwa yuleyule umuulize jina lenu lilikuwa nani. Makosa yake ni ya kusikilizwa kwa makini. Akisema "Bomba Limetoa Siri", hamna tatizo, kwa sababu kilichobaki kichwani ndicho mlichotaka kibaki. Akisema "ile ya siri", basi nomino yenu kuu haijashika, na chumbani kwa majaji mtakuwa "ile ya siri" vilevile.

## Jina likisomwa na mshereheshaji linabadilika?

Kiswahili kinatusaidia, kwa sababu tunaandika kama tunavyotamka. Mchezo wa maneno unaofanya kazi karatasini kwa kawaida hufanya kazi kwenye kipaza sauti. Kuna mtego mmoja tu, nao ni mkazo.

Timu ya kuripoti mashimo barabarani ikijiita "Barabara Barabara" imepata jina ambalo wenyewe wakilitamka ni tamu: barabára, ile ya magari, iliyo barábara, yaani sawasawa. Lakini mshereheshaji hajui. Atasoma zote mbili kwa mkazo wa njia ya magari, na ukumbi utadhani amerudia kwa bahati mbaya. Kwenye orodha ya karatasi hali ni mbaya zaidi, maana mwandalizi mwenye bidii anaweza kufuta neno moja akidhani ni kosa la kuchapa. Mkitaka utani huo ubaki, uwekeni ndani ya sentensi inayolazimisha mkazo, mfano "Barabara Iwe Barabara". Hapo msomaji hana njia ya kukosea.

## Usiku wa manane tumebadilisha wazo. Jina tulifanyeje?

Inategemea mlilifunga kwenye nini. Hakathoni nyingi huchukua saa 24 hadi 48, na si ajabu timu kugundua katikati kwamba njia waliyoichagua haipiti. Kinachobadilika mara nyingi ni njia, huku tatizo likibaki lilelile. Jina lililofungwa kwenye tatizo linabaki, na lililofungwa kwenye teknolojia linawageuka.

Ile timu ya mabomba ilikutana na hili. Bomba walilopewa kwa ajili ya demo lilikuwa la plastiki, na plastiki hunyonya mlio haraka kuliko chuma. Kihisi chao kilichosikia vizuri kwenye kipande cha chuma hakikusikia kitu cha maana. Wakaachana na sauti, wakahamia kwenye mita ya kupima mtiririko: kama saa nane ya usiku bado maji yanapita taratibu bila kukoma, kuna mahali yanatoka. Fikiria kama wangekuwa wamejiandikisha kwa jina la "Sikio la Bomba". Wangesimama mbele ya majaji wakiwa na jina linaloahidi sikio na kifaa kisichosikia, na swali la kwanza lingekuwa hilo. "Bomba Limevujisha Siri" halikuguswa hata herufi.

Kwa sababu hiyohiyo sipendi kuona jina la kifaa, lugha ya programu au teknolojia inayovuma mwaka huo likiwekwa ndani ya jina la timu. Isipokuwa shindano lenyewe linahusu kifaa hicho, hapo mnaweza.

Kama ni tatizo lenyewe lililobadilika, badilisheni jina, ila fanyeni hivyo kabla ya muda wa mwisho wa kuwasilisha, na mumwambie mwandalizi kwa mdomo. Ratiba ya majaji ikishachapishwa mtakuwa na majina mawili, moja kwenye karatasi na jingine kwenye slaidi, na hilo ni baya kuliko jina baya.

## Jina liwe refu kiasi gani?

Maneno matatu au manne yanatosha kwa kazi hii. Moja ni dogo mno kubeba utani na kazi kwa pamoja, isipokuwa mbahatike, na kuanzia matano kwenda juu mshereheshaji ataanza kufupisha. Akifupisha, hukata mwisho, na kwa bahati mbaya mwisho ndipo methali iliyogeuzwa huweka neno lake geni. "Haba na Haba Hujaza Diski" ikikatwa inabaki "Haba na Haba", ambayo ni timu ya kuweka akiba. Nami nilishaisifu hapo juu, kwa hiyo mkiichukua mkumbuke kumtazama mshereheshaji machoni.

Fikirieni pia jinsi litakavyoandikwa mahali pasipo na nafasi. Ukurasa wa mradi, anwani ya tovuti na folda ya msimbo GitHub vyote vitataka jina lisilo na nafasi wala alama zaidi ya kistari. Tumieni herufi ndogo na vistari:

```
bomba-limevujisha-siri
```

Acheni emoji, alama za mshangao na tarakimu zinazojifanya herufi. Jaji anayetafuta mradi wenu kwa simu ataandika anachokisikia, na hakuna anayesikia emoji.

## Baadhi ya majaji hawajui Kiswahili. Utani utawafikia?

Hautawafikia, na msijaribu kuwatafsiria. Utani uliotafsiriwa mbele ya jaji ni sekunde ishirini za kupoteza mwanzoni kabisa, wakati ambapo anaamua kama awasikilize au asome ujumbe kwenye simu. Kama majaji wengi hawakijui Kiswahili, chagueni jina la wazi katika lugha yao na utani muuache. Kama ni mmoja kati ya kadhaa, liacheni jina lilivyo, kisha chini yake, kwenye fomu na kwenye slaidi ya kwanza, wekeni mstari mmoja mkavu katika lugha anayoielewa unaosema kifaa kinafanya nini. Wanaojua Kiswahili watapata utani, naye atapata kazi.

Kagueni tu neno lenu linasikikaje katika lugha nyingine zilizomo ukumbini. "Bomba" kwa mtu wa Kiingereza linakaribiana mno na neno la kitu kinacholipuka, na "bomba limevujisha siri" si kitu unachotaka akisie peke yake. Picha ya mrija unaodondosha tone kwenye slaidi ya kwanza inamaliza utata huo kabla haujaanza.

## Jina la utani halitatufanya tuonekane hatuna uzito?

Ulimwengu wa programu umejaa majina ya mzaha yaliyobeba kazi nzito. Kwenye mifumo ya aina ya Unix kulikuwa na programu inayoitwa `more`, ya kuonyesha maandishi ukurasa kwa ukurasa. Ikaja nyingine iliyokuwa na uwezo wa kurudi nyuma, ikaitwa `less`, kwa mzaha juu ya msemo wa Kiingereza "less is more", kwamba kidogo ndicho kingi. Aliyekuwa akitumia ya kwanza alijua mara moja kwamba ya pili ni ya kazi ileile. Mradi wa GNU wa kuunda mfumo endeshi, uliotangazwa mwaka 1983, una jina ambalo kirefu chake ni "GNU's Not Unix": kinajizungushia chenyewe, na bado kinakwambia mfumo huo unafanana na nini na si nini. Programu ya Yacc, inayosaidia kutengeneza vikompaila, nayo ilipopata mrithi wake ndani ya mradi huo, aliitwa Bison, mnyama wa jamii moja na yak, ambaye jina la Yacc linamtaja kwa sauti.

Majina hayo yalidumu kwa sababu mzaha ulikuwa unaeleza kitu. Uzito huondoka pale utani unapokuwa juu ya uvivu wenu, usingizi wenu au jinsi msivyojua mnachokifanya. Jaji akisoma "Tutajua Hapohapo", ameshaambiwa na nyinyi wenyewe kwamba hamkujiandaa.

## Utani gani tukae nao mbali?

Unaomcheka mtumiaji. Tatizo mnaruhusiwa kulicheka. Mwenye tatizo hapana. "Dawa ya Kusahau Dawa" inacheka kusahau, jambo la kila mtu. Programu hiyohiyo ikiitwa "Kumbuka Babu" imemgeuza mzee kuwa kichekesho, na kama kwenye meza ya majaji kuna daktari au muuguzi, hatawaza kingine mpaka mmalize. Kwenye miradi ya ulemavu, afya ya akili, au watu waliopatwa na majanga, mimi ningeuacha utani kabisa. Hapo jina la wazi ndilo jina zuri.

Kaeni mbali pia na jina la kampuni lililogeuzwa herufi, hasa ya mdhamini wa shindano. Wengine huliona kama heshima. Mdhamini huliona kama jambo la kumuuliza mwanasheria wake.

## Tukipanda jukwaani tulitamke vipi?

Litamkeni polepole, mara moja, kisha sentensi ya kazi ifuate bila kusubiri kicheko. "Sisi ni Bomba Limevujisha Siri. Likivuja usiku, asubuhi mwenye nyumba anajua." Wakicheka, watacheka juu ya sentensi ya pili, na hilo ni jema kwa sababu wameshaelewa. Wasipocheka hakuna aliyegundua kwamba mlitarajia.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni "kwa nini tunaitwa hivi?" na maelezo ya nusu dakika. Kwenye wasilisho la dakika tatu, nusu dakika ni sehemu ya sita. Tena maelezo hayo huja kabla ya demo, kwa hiyo demo ndiyo inayokatwa kengele ikilia. Jina linalohitaji kuelezwa lilishafeli jaribio la meza ya pili, na dawa yake ni kulibadilisha.

## Jina la timu na jina la bidhaa yawe mamoja?

Kwa hakathoni, ndiyo. Majaji hawana nafasi kichwani ya majina mawili. Mkishinda na kuamua kuendelea na bidhaa, mtakuwa na muda wa kutafuta jina ambalo mhasibu anaweza kuliandika kwenye ankara bila kujieleza.

## Wenzangu wanne, majina manne. Tunaamuaje?

Msipige kura. Kila mtu atapigia lake, halafu litashinda la mwenye sauti kubwa. Pelekeni yote manne kwa mtu wa meza nyingine, mpeni jaribio lilelile, na mchague lile alilokisia kazi yake bila kusaidiwa. Wekeni muda pia. Nusu saa inatosha, na kama imeisha hamjapata, jiandikisheni kwa jina la muda lililo wazi, mfano "Timu ya Mabomba", mrudi kwenye kazi. Mara nyingi jina zuri hutoka kwenye mdomo wa mtu anayelalamika kuhusu kifaa saa saba za usiku, na mnachotakiwa ni kuwa na mtu wa kuliandika.

## Tuchapishe fulana?

Subirini wazo litulie kwanza. Nimeshaona fulana nzuri sana za "Sikio".